UZI: Bajeti moja, jedwali moja lina nakisi ya 19 na jingine ziada ya 56. Msomaji aambiweje?

Mratibu_Mipango (mwanzisha uzi)

Habari za kazi wanajukwaa. Nimekabidhiwa kuandaa kitabu cha bajeti ya mwaka ujao cha taasisi yetu, na nimeletewa majedwali mawili kutoka meza mbili za ofisi ileile. La kwanza linaonyesha nakisi ya milioni 19, la pili linaonyesha ziada ya milioni 56, na waliotayarisha wote wawili wanaapa kwamba hesabu zao ziko sawa. Nimejumlisha upya mara kadhaa na sikuona kosa la kujumlisha.

Takwimu zenyewe, zote kwa milioni, ni hizi. Ada tutakazotoza mwaka ujao ni 200, lakini 30 kati ya hizo zitalipwa mwaka utakaofuata, na kwa upande mwingine zipo 20 za mwaka huu ambazo tutazipokea mwaka ujao. Mishahara ni 10 kwa mwezi, itapanda kuwa 11 kuanzia Julai, na kwa utaratibu wetu mshahara wa kila mwezi hulipwa mwanzoni mwa mwezi unaofuata. Januari tutanunua jenereta ya 60 ambayo tunatarajia itumike miaka mitano. Tarehe 1 Oktoba tutakata bima kwa mara ya kwanza, ya miezi 12, kwa 24 zinazolipwa zote siku hiyohiyo.

Ninaelewa kwamba jedwali moja ni la fedha taslimu na jingine ni la ulimbikizaji. Maswali yangu ni mawili: tofauti hiyo ya 75 inatoka wapi hasa, na kitabu kiandikwe vipi ili mjumbe wa bodi asiye mhasibu ajue anasoma lipi.

Leja_Kuu

Ndugu Mratibu, jambo hili halina ugumu. Bajeti ni mpango wa fedha, na mpango wa fedha ni wa taslimu siku zote. Ulimbikizaji ni wa hesabu za kufunga mwaka, si wa bajeti. Huyo aliyekuletea ziada ya 56 ameingiza uchakavu wa jenereta badala ya bei yake, na uchakavu haulipwi kwa mtu yeyote, haupelekwi benki na hauhitaji kuidhinishwa na bodi. Chukua jedwali la nakisi, la pili lirudishe lilikotoka.

Bi_Mkaguzi

Mheshimiwa Leja, kuhusu uchakavu kutolipwa uko sahihi, na taasisi nyingi kweli huandaa bajeti kwa taslimu hata pale hesabu zao za mwisho zinapokuwa za ulimbikizaji. Ila hiyo "siku zote" haisimami. Serikali ya New Zealand imekuwa ikiandaa bajeti kwa ulimbikizaji tangu miaka ya 1990, na Australia ilianza na bajeti ya mwaka 1999-2000. Zipo pia bajeti mchanganyiko: ile ya serikali kuu ya Marekani kwa sehemu kubwa ni ya taslimu, lakini tangu mwaka wa fedha 1992 mikopo ambayo serikali hiyo huitoa au kuidhamini huingizwa kwa gharama yake ya muda wote ikiwa imerudishwa kwenye thamani ya sasa. Ndiyo maana msomaji hawezi kukisia msingi kwa kuwa tu ameona neno bajeti juu ya jalada.

Sasa tuingie kwenye takwimu za Mratibu.

Kwa taslimu, tunauliza swali moja tu kwa kila mstari: fedha zinaingia au zinatoka lini? Ada zitakazoingia ni 170 za mwaka ujao pamoja na 20 za nyuma, jumla 190. Mishahara itakayotoka ni ile ya Desemba ya mwaka huu, ambayo ni 10, kisha Januari hadi Juni, 60, kisha Julai hadi Novemba, 55. Jumla ni 125, kwa sababu mshahara wa Desemba ya mwaka ujao utalipwa Januari inayofuata. Bima ni 24 na jenereta ni 60. Malipo yote yanafika 209. Ukitoa 209 kwenye 190, unapungukiwa 19.

Kwa ulimbikizaji swali linabadilika: huduma imetolewa lini, na kitu kimetumika lini? Ada ni 200 zote, zilipwe au zisilipwe ndani ya mwaka. Mishahara ni ya miezi 12 iliyofanyiwa kazi, yaani 60 na 66, jumla 126. Bima inayotumika kuanzia Oktoba hadi Desemba ni miezi mitatu, kwa hiyo 6 tu. Jenereta inagawanywa kwa miaka mitano, kwa hiyo 12. Gharama zote ni 144, na 200 ukitoa 144 unabaki na 56.

Tofauti ya 75 sasa inaweza kutembelewa hatua kwa hatua. Anza na ziada ya 56. Toa 10, kwa sababu ada ambazo hazijalipwa zinaongezeka kutoka 20 hadi 30. Unabaki na 46. Toa 18 za bima iliyolipwa lakini bado haijatumika, 28. Ongeza 1, ambayo ni nyongeza ya mshahara wa Desemba uliofanyiwa kazi bila kulipwa, 29. Ongeza 12 za uchakavu, maana hakuna aliyelipwa, 41. Toa 60 za jenereta. Unafika kwenye upungufu wa 19.

Majedwali yote mawili ni ya kweli. La kwanza linajibu kama akaunti ya benki itahimili mwaka. La pili linajibu kama ada tunazotoza zinatosha kulipia huduma tunazotoa.

Mhazini_wa_Kikundi

Asante sana Bi Mkaguzi, hizo hatua za mwisho nimezinakili. Nina swali dogo: nikipewa bajeti isiyotaja msingi wake, je, siwezi kuutambua kwa kuangalia mstari wa bima? Ikiwa 24, taslimu. Ikiwa 6, ulimbikizaji.

Bi_Mkaguzi

Kwa mwaka huu wa kwanza, ndiyo. Mwaka wa pili njia hiyo inakufa. Wakikata bima tena kwa bei ileile, taslimu itaonyesha 24 zilizolipwa Oktoba, na ulimbikizaji utaonyesha 18 za Januari hadi Septemba na 6 za Oktoba hadi Desemba, jumla 24. Mistari itafanana kabisa. Gharama zinazojirudia kila mwaka kwa kiasi kilekile hazisemi chochote kuhusu msingi.

Mistari inayosema ni mingine. Ukiona uchakavu, tengo la madeni yasiyolipika, au likizo na kiinua mgongo vinavyolimbikizwa, hapo kuna ulimbikizaji. Ukiona bei nzima ya mali ya kudumu imewekwa pamoja na mishahara, mkopo ukihesabiwa kama fedha iliyoingia, marejesho ya mkopo yakiwa pamoja na matumizi mengine, na jedwali likianza na salio la benki la mwanzo na kuishia na salio la mwisho, hapo kuna taslimu. Ukiviona vyote viwili katika jedwali moja bila maelezo, muulize aliyeliandaa, usikisie. Na ukikuta bei nzima ya jenereta na uchakavu wa jenereta hiyohiyo vyote vimo ndani ya jumla moja ya matumizi, huo si msingi wa tatu: ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara mbili.

Ofisa_Ugavi

Mimi natoka upande wa manunuzi. Kwetu fedha hukatwa kwenye kifungu mara tu hati ya kuagizia inapotoka, hata kama mzigo haujafika wala ankara haijaletwa. Kwa kuwa hatusubiri kulipa, nadhani sisi tayari tuko kwenye ulimbikizaji, na kitabu chetu kinaweza kuandika hivyo.

Bi_Mkaguzi

Hapana, ndugu yangu, na hili ndilo linalopotosha vitabu vingi kuliko uchakavu. Ulichokieleza ni udhibiti wa ahadi za matumizi. Chukua mfano mmoja: samani zimeagizwa Desemba, zimefika na kupokelewa ghalani Februari, na zimelipwa Machi ya mwaka unaofuata. Kwa utaratibu wenu, zinapunguza kifungu cha mwaka wa Desemba. Kwa ulimbikizaji, deni linazaliwa Februari mlipopokea mzigo, kwa hiyo ni la mwaka mpya. Kwa taslimu, ni la mwaka mpya pia, lakini Machi. Siku mlipotoa hati ya kuagizia hamkuwa mmepokea kitu, na msambazaji hakuwa na la kuwadai.

Utaratibu wenu una faida yake, kwa sababu unazuia idara kuagiza vitu viwili kwa fedha moja. Lakini ukiuita ulimbikizaji, msomaji ataamini kwamba matumizi ya mwaka yanawakilisha vitu vilivyopokelewa, kumbe baadhi yake ni karatasi tu. Andikeni wazi kwamba matumizi yanajumuisha hati za kuagizia zilizotolewa hadi siku ya mwisho ya mwaka, na mtaje pia zinafanywaje zile ambazo mzigo wake haujafika: zinafutwa au zinavushwa kwenda mwaka mpya.

Ofisa_Ugavi

Zinavushwa. Na sasa ninaona ni kwa nini kila robo ya kwanza idara hulalamika kwamba kifungu kina fedha ambazo hawakuziomba.

Leja_Kuu

Narudi kwenye hoja yangu. Hata kama New Zealand wanafanya, bodi ya Mratibu inataka kujua jambo moja: fedha zipo au hazipo? Ukiwawekea 56 ya ziada mbele yao, mjumbe wa kwanza atakayenyanyua mkono atapendekeza posho ziongezwe, wakati benki inakwenda kupungukiwa 19.

Mratibu_Mipango

Mheshimiwa Leja, hicho ndicho kilichotokea katika kikao cha awali, karibu neno kwa neno.

Mdau_wa_Miradi

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Kwa upande wa ripoti za wafadhili, sisi tunatumia taslimu na hatujawahi kuwa na mgogoro isipokuwa kwenye masurufu. Mtumishi anachukua masurufu ya safari Desemba 20, anarudi Januari na kurejesha stakabadhi pamoja na bakaa. Mhasibu wetu wa zamani aliandika matumizi siku masurufu yalipotoka. Mhasibu wa sasa anaandika siku yanaporejeshwa. Mfadhili amekataa ripoti yetu akisema salio haliendani. Tumwandikie nini?

Bi_Mkaguzi

Hili ni la ripoti, si la bajeti, ila linagusa swali la pili la Mratibu, kwa hiyo tusilipite. Mimi ninaona masurufu yaliyo mkononi mwa mtumishi bado ni fedha ya taasisi iliyobadilisha mfuko, na hayajawa matumizi mpaka yarejeshwe kwa stakabadhi.

Karani_wa_Hesabu

Hapo mimi ninatofautiana nawe, dada. Chini ya taslimu kamili, fedha ikishatoka benki na haimo kwenye kasha la ofisi, imetoka. Ukisubiri stakabadhi, tayari umeingiza fikra ya ulimbikizaji kwa mlango wa nyuma: unauliza fedha imetumika lini badala ya kuuliza imetoka lini. Na mtumishi asiporejesha kwa mwaka mzima, utaendelea kuonyesha fedha ambayo huwezi kulipia hata ankara moja.

Bi_Mkaguzi

Hoja yako ina uzito, hasa kwa masurufu yaliyopitwa na muda. Lakini kwa njia yako, bakaa inayorudishwa Januari itaonekana kana kwamba ni pokezi jipya la mwaka mpya, na matumizi ya Desemba yatakuwa yamevimba. Tunaweza kubishana hapa hadi kesho; kwa Mdau jambo la haraka ni kuchagua njia moja, kuangalia mkataba wa mfadhili unataka ipi, na kuiandika. Mfadhili alikataa kwa sababu salio la kufungia lilipatikana kwa njia moja na la kufungulia kwa nyingine, na hapakuwa na sentensi ya kumwambia hivyo.

Mhazini_wa_Kikundi

Je, kuna kanuni inayolazimisha kutaja msingi, au ni hisani ya mwandishi?

Bi_Mkaguzi

Kwa taasisi za umma zinazofuata IPSAS, yaani viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, kipo IPSAS 24, kinachohusu uwasilishaji wa taarifa za bajeti ndani ya hesabu za mwaka. Kinazihusu taasisi ambazo bajeti yake iliyoidhinishwa hutangazwa kwa umma. Kinataka maelezo ya hesabu yataje msingi wa bajeti, namna mafungu yalivyopangwa, kipindi kinachohusika, na vyombo vilivyomo ndani ya bajeti hiyo. Kinataka pia kilichopangwa kilinganishwe na kilichotendeka kwa msingi mmoja. Kama bajeti ni ya taslimu na hesabu za mwaka ni za ulimbikizaji, huruhusiwi kuongeza tu safu ya bajeti pembeni mwa taarifa ya mapato na gharama. Unaandaa taarifa ya pekee ya ulinganisho, kisha unaonyesha hatua za kutoka msingi mmoja kwenda mwingine, kama nilivyofanya kutoka 56 hadi upungufu wa 19.

Angalia, hata hivyo, kwamba kiwango hicho kinasimamia hesabu za mwaka. Hakikuamrishi cha kuandika kwenye kitabu cha bajeti chenyewe, ambacho husomwa miezi mingi kabla. Hapo mwandishi anabaki na busara yake na miongozo ya taasisi yake.

Mratibu_Mipango

Nimeshawishika na pande zote mbili: bodi iidhinishe jedwali la taslimu, na la ulimbikizaji liwe kiambatisho kwa ajili ya kupanga ada. Hii ndiyo rasimu ya maelezo niliyoandika kwa ajili ya ukurasa wa mwisho wa kitabu. Naomba muichambue bila huruma:

"Bajeti hii imeandaliwa kwa kuzingatia misingi ya uhasibu inayokubalika. Mapato na gharama vimeonyeshwa kwa msingi wa taslimu isipokuwa pale inapobidi."

Bi_Mkaguzi

Sentensi ya kwanza iondoe yote, kwa sababu inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote na haimwambii msomaji neno. "Isipokuwa pale inapobidi" ni hatari zaidi, maana umekiri kwamba kuna mistari inayofuata msingi mwingine kisha ukaificha. Na mahali pake si ukurasa wa mwisho. Mjumbe husoma jedwali, halafu hubishana. Maelezo yawe juu ya jedwali, chini ya kichwa chake, na kila jedwali liwe na ya kwake, kwa kuwa kurasa hunyofolewa na kutumwa pekee yake kwenye simu za watu.

Mimi ningeandika hivi:

"Jedwali hili ni la fedha taslimu. Kiasi kimeingizwa katika mwaka ambao fedha zitapokelewa au kulipwa, hata kama huduma ni ya mwaka mwingine. Kwa hiyo halijumuishi ada za 30 zitakazotozwa mwaka huu na kulipwa mwaka utakaofuata, wala mshahara wa Desemba wa 11 utakaolipwa Januari. Linajumuisha bei yote ya jenereta, 60, na bima ya miezi 12, 24. Hakuna mstari unaofuata msingi mwingine. Bajeti ya mwaka uliotangulia iliandaliwa kwa msingi huohuo."

Sentensi ya pili inamwambia msomaji kanuni, na ya tatu inamwonyesha kanuni hiyo ilipogusa takwimu anazoziona. Ya mwisho usiiandike kabla ya kuhakikisha. Kama mwaka jana mlitumia ulimbikizaji, safu mbili zilizopangwa pamoja zitaonyesha ongezeko au upungufu ambao haupo, na itabidi ama muiandae upya safu ya zamani ama muiondoe.

Karani_wa_Hesabu

Naongeza kuhusu vichwa. Rasimu ya Mratibu inataja taslimu lakini bado inasema "mapato na gharama". Kwa jedwali la taslimu andika "mapokezi na malipo", na mstari wa chini uite "upungufu wa fedha" badala ya "nakisi". Kwenye kiambatisho ndipo "mapato", "gharama" na "ziada" vikae. Ukitumia "ziada" pande zote mbili, maelezo yako mazuri ya juu hayatasaidia, kwani mtu atalinukuu neno na namba yake tu.

Leja_Kuu

Mimi bado nisingeweka hicho kiambatisho ndani ya kitabu kimoja. Maelezo hayasomwi. Namba kubwa ndiyo inayosomwa, na 56 ni kubwa kuliko 19.

Mratibu_Mipango

Hilo nimelifikiria, mheshimiwa. Nitaweka hatua zile za Bi Mkaguzi juu kabisa ya kiambatisho, ili isiwezekane mtu kuifikia 56 bila kuona inavyoshuka hadi kupungukiwa 19. Kama bado mnaona kiambatisho kitolewe kando, niambieni kabla ya Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya kupeleka kitabu kwa wajumbe.

Mdau_wa_Miradi

Na masurufu ya Desemba, Mratibu, katika hilo jedwali lako la taslimu umeyaweka upande gani?

Mratibu_Mipango

Yamo ndani ya malipo, kwa njia ya Karani, kwa sababu ndivyo mfumo wetu unavyoyasoma. Nitaongeza sentensi moja kusema hivyo, ingawa najua Bi Mkaguzi hatairidhia.

Bi_Mkaguzi

Siridhii, lakini ikiandikwa sitakuwa na cha kukukosoa. Taja pia kiasi chake.